Video ya utambulisho: fundi friji na AC, Tanga (maandishi ya kupakia)

Kichwa cha video
Fundi friji, AC na vyumba vya baridi, Tanga | Natafuta kazi | Miaka 6 kazini

Maelezo
Fundi friji na AC, Tanga mjini. Natafuta ajira ya kudumu au mkataba: hoteli, bucha, ghala la samaki, hospitali. Nina cheti cha VETA. Pangani, Muheza na Korogwe nahamia. Dar pia, mshahara ukiruhusu.

Humu sijakaa mbele ya pazia nikajisifu. Utaniona nikisaka gesi inapovujia kwenye friza la samaki: napaka povu la sabuni, nasubiri, mpaka kiputo kimoja kinavimba taratibu pembeni mwa nati. Wapo wanaojaza gesi juu ya uvujaji na kuondoka, na baada ya siku chache mwenye samaki analia upya. Mimi naziba kwanza, napima presha kwa naitrojeni, navuta vakyumu, ndipo gesi inaingia, tena kwa mizani. Nimezoea R22, R134a na R410A (hii presha yake ni kubwa kuliko R22, geji zake ni zake).

Kontena za baridi za bandarini sijawahi kuzishika. Nipe fundi wa kunielekeza nitajifunza; peke yangu usiniite.

0:00 Mimi ni fundi wa nini
0:25 Uvujaji kwenye friza la samaki
1:40 Vakyumu na mizani ya gesi
2:30 AC inayodondosha maji ndani
3:05 Namna ya kunipata

KUNIPATA: Ingia kwenye maelezo ya chaneli, bonyeza "View email address", thibitisha kuwa wewe si roboti. Barua pepe hiyo nimeifungua kwa ajili ya kazi tu. Taja kampuni, mahali ilipo na kazi yenyewe. Jina kamili, simu, wadhamini na nakala ya cheti utapata nikishahakikisha ofisi ipo. Video yangu ya kwanza niliweka namba ya simu. Nikaletewa "ile hela tuma kwenye namba hii" nyingi kuliko wito wa kazi. Hela ya fomu sitoi, na namba ya NIDA naitoa siku ya kusaini mkataba.

#FundiFriji #FundiAC #KaziTanga

Lebo
```
fundi friji tanga, fundi ac tanga, fundi majokofu,
fundi friza, chumba cha baridi, natafuta kazi tanga,
fundi veta, ac technician tanga
```

Faili (mahali na kifaa vimefutwa)
```
ffmpeg -i ghafi.mp4 -map_metadata -1 -c copy fundi-friji-ac-tanga.mp4
```

Picha ya jalada: mikono na geji, maandishi "FUNDI FRIJI NA AC, TANGA". Kibao cha duka la mteja kisionekane, wala namba ya pikipiki yangu iliyoegeshwa nyuma.

Mahali: Tanga. Mtaa hautajwi.

Lugha: Kiswahili. Manukuu nimeyasahihisha mwenyewe. Ya mashine yaliandika "gesi" kama "kesi".

Maoni: yashikiliwe mpaka niyapitie, yenye namba ya simu yafutwe, hata kama ni ya ndugu yangu anayenisifu.

Mwonekano: Public. Nikishaajiriwa, Private.