Ombi la Hukumu ya Muhtasari: Jibu la Swali la 4, Mtihani wa Utaratibu wa Kesi za Madai

Swali la 4 (alama 25). Mwanaisha Omar alimkopesha Peter Mutua, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Likoni, shilingi 2,400,000. Mutua amelipa 600,000 tu. Ameshtakiwa, amewasilisha hati ya kufika, lakini hajaleta utetezi. Kabla ya kesi alijibu barua ya madai akisema fedha zilikuwa mtaji wa ubia, kwamba alilipa 400,000 taslimu, na kwamba riba inaumiza. Andaa ombi kwa niaba ya mdai.

Jibu

*Dokezo kwa mtahini:* Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu kifungu cha 86 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinaruhusu Kiswahili katika mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu. Sikutumia Amri ya 13 kanuni ya 2 (hukumu kwa kukiri). Mdaiwa alikiri deni Septemba kisha akalikana Februari, na *Choitram dhidi ya Nazari* [1984] KLR 327 inataka kukiri kuwe wazi kabisa. Barua ya Septemba nimeitumia kama ushahidi ndani ya Amri ya 36, inayohusu hukumu ya muhtasari, yaani hukumu bila kusikiliza mashahidi, ambako ina nguvu zaidi.

JAMHURI YA KENYA
KATIKA MAHAKAMA YA HAKIMU MKUU, MOMBASA
KESI YA MADAI NA. E214 YA 2025

MWANAISHA OMAR ………… MDAI
*dhidi ya*
PETER MUTUA ………… MDAIWA

NOTISI YA OMBI
(Vifungu 1A, 1B na 3A vya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, Amri ya 36 kanuni ya 1 ya Kanuni za mwaka 2010)

FAHAMUNI kwamba mdai ataiomba Mahakama hii, siku itakayopangwa baada ya mdaiwa kupewa notisi isiyopungua siku saba, itoe amri zifuatazo:

1. Hukumu ya muhtasari dhidi ya mdaiwa kwa shilingi 1,800,000.
2. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya kiasi hicho kuanzia tarehe 1 Februari 2025 hadi deni litakapolipwa lote, kama mkataba unavyosema.
3. Endapo Mahakama itaona riba ina jambo la kusikilizwa, hukumu itolewe sasa kwa deni la msingi na riba pekee iende kwenye usikilizaji.
4. Gharama za ombi na za kesi.

Ombi linategemea hati ya kiapo ya mdai na sababu hizi: dai ni la kiasi maalumu cha fedha, mdaiwa amefika lakini hana utetezi mahakamani, na hakuna hata hoja moja ya kweli inayohitaji mashahidi.

HATI YA KIAPO

Mimi, Mwanaisha Omar, mkazi wa Kisauni, naapa na kusema:

1. Mimi ndiye mdai. Mkopo niliutoa mwenyewe, na ninayoyasema nayajua mwenyewe.
2. Tarehe 10 Januari 2024 mimi na mdaiwa tulitia saini mkataba wa mkopo wa shilingi 2,400,000 (kielelezo MO1). Siku hiyohiyo nilimtumia fedha zote kupitia benki (MO2).
3. Alipaswa kurejesha 200,000 kila mwisho wa mwezi, kuanzia Februari 2024 hadi Januari 2025. Alilipa Februari, Machi na Aprili. Katika taarifa ya benki kila malipo aliyaandika mwenyewe "rejesho la mkopo" (MO3).
4. Tarehe 6 Septemba 2024 aliniletea barua yenye saini yake, akisema: "Nakiri bado nina deni lako la shilingi 1,800,000. Naomba univumilie hadi Desemba" (MO4).
5. Desemba ilipita bila malipo. Barua ya madai ilimfikia tarehe 7 Februari 2025, naye akajibu tarehe 18 Februari (MO5 na MO6).
6. Kesi ilifunguliwa tarehe 3 Machi 2025. Alifika kwa hati ya tarehe 19 Machi. Siku kumi na nne za kuleta utetezi ziliisha tarehe 2 Aprili.
7. Naamini hana utetezi wowote juu ya deni hili.

Imeapwa Mombasa, tarehe 9 Aprili 2025, mbele ya Kamishna wa Viapo.

HOJA ZA MDAI

Mheshimiwa Hakimu, mdai anajua kizingiti kiko juu. Katika *Moi University dhidi ya Vishva Builders* (Rufaa ya Madai Na. 296 ya 2004) Mahakama ya Rufani ilisema hoja moja tu ya kweli inatosha mdaiwa kupewa ruhusa ya kujitetea. Na *Patel dhidi ya E.A. Cargo Handling Services* [1974] EA 75 inatufundisha kwamba utetezi hauhitaji kuwa wa kushinda. Inatosha uwe na jambo la kusikilizwa. Hatuikimbii sheria hiyo. Tunasema mdaiwa hana hata jambo hilo moja. Tena *Zola dhidi ya Ralli Brothers Ltd* [1969] EA 691 ilieleza kazi ya utaratibu huu: mtu anayedai kiasi maalumu asicheleweshwe haki yake na mdaiwa asiye na utetezi wa maana anayevuta muda.

Hakuna utetezi kwenye jalada. Hata hivyo, kwa kuwa mdaiwa anaweza kuomba ruhusa kwa kiapo, tumeyachukua madai yake ya barua ya 18 Februari kana kwamba ndiyo utetezi wenyewe.

Ubia kwanza. Mkataba unasema "mkopo", unataja tarehe za kulipa, na hautaji faida wala hasara. Vifungu 97 na 98 vya Sheria ya Ushahidi haviruhusu maneno ya mdomo kupinga masharti ya mkataba ulioandikwa, isipokuwa kwa sababu kama ulaghai au makosa. Mdaiwa hadai ulaghai. Hadai makosa. Na mbia gani hurejesha mtaji kwa kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, akiandika "rejesho la mkopo"?

Pili ni zile 400,000 taslimu, na hapa ndipo tunaiomba Mahakama isimame. Kwa kawaida dai la malipo ni hoja ya mashahidi: huyu anasema nililipa, yule anasema hukulipa, na hakuna hakimu anayeweza kuamua kwa karatasi. Lakini mdaiwa mwenyewe anasema alilipa "Juni 2024". Barua yake ya kukiri ni ya Septemba, miezi mitatu baadaye, na inataja 1,800,000. Toa marejesho matatu ya 200,000 kwenye 2,400,000, unapata 1,800,000 kamili. Kama alikuwa amelipa 400,000 Juni, angekiri 1,400,000. Hana risiti, hana tarehe, hana shahidi, na haelezi kwa nini alitia saini kiasi hicho. Mgongano uliopo ni kati ya mdaiwa na saini yake mwenyewe. Huo hauhitaji kusikilizwa.

Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani shilingi 18,000, na haizai riba nyingine. Aliikubali kwa saini. Tunakubali, hata hivyo, kwamba kifungu cha 26 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinaipa Mahakama hiari juu ya riba. Ndiyo maana tumeweka ombi la tatu. Amri ya 36 yenyewe inaruhusu hukumu kwa sehemu ya dai, na ugomvi juu ya 18,000 kwa mwezi hauwezi kuzuia 1,800,000 ambazo mdaiwa alizikiri kwa maandishi.

Kuhusu mamlaka: dai linazidi shilingi milioni 1 za Mahakama ya Madai Madogo na liko chini ya milioni 20 za Hakimu Mkuu.

Tunaomba amri zilizotajwa zitolewe.

Imeandikwa Mombasa, tarehe 9 Aprili 2025.

Wakili wa Mdai

*Ipelekwe kwa:* Peter Mutua, Mdaiwa, Likoni.