Shemeji Ndani ya Kamati ya Tathmini

Sanduku la zabuni la ofisi yetu lilikuwa la bati, la kijivu, lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao katibu wa bodi ya zabuni, wa pili mtu wa ukaguzi wa ndani, ili asipatikane mmoja wa kulifungua peke yake. Siku ya zabuni ya madawati ya shule za msingi, katika halmashauri moja ya mkoa wa Kilimanjaro, lilifungwa saa nne kamili asubuhi likiwa na bahasha nne. Ya tano ilifika saa nne na dakika saba. Aliyeileta alikuwa ametoka Arusha, gari likamkatikia Boma Ng'ombe, akapanda bodaboda na vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alitusihi. Tulimrudishia bahasha yake na lakiri ikiwa nzima, akatia sahihi kwamba ameipokea, akakaa nyuma kabisa ya ukumbi kuwasikiliza wenzake.

Watu waliona ni ukatili. Lakini ukimpokea wa dakika saba, utamwambia nini wa dakika ishirini? Na aliyechelewa hadi bei zimeanza kusomwa anaweza kuwa ameshatumiwa meseji na mtu aliyeko ukumbini.

Bahasha zilifunguliwa palepale, mbele ya wazabuni. Kinachosomwa kwa sauti ni jina la mzabuni, bei aliyoandika, punguzo kama lipo, na kama ameleta dhamana ya zabuni au tamko lake. Punguzo lisilosomwa siku hiyo halihesabiwi baadaye. Hakuna anayeondolewa pale, isipokuwa huyo aliyechelewa. Mengine yote yanangoja tathmini. Wa kwanza alisomewa 184,800,000. Wa pili 171,600,000, ukumbi ukaguna. Wa tatu 186,000,000. Wa nne 201,600,000. Kurasa za bei zikasainiwa na waliofungua, moja baada ya nyingine, ili usiku usimruhusu mtu kuchomoa ukurasa na kuchomeka mwingine.

Nimeyaandika haya kwa kirefu kwa sababu kila unapotaja ununuzi wa umma, watu huangalia hapo: bahasha, kufuli, saa. Na kweli lakiri inafanya kazi yake. Inazuia mzabuni kujua bei ya mwenzake kabla hajaandika ya kwake. Ila kazi yake ni hiyo tu. Zabuni inaweza kuharibiwa wiki sita kabla ya sanduku kufungwa, pale mtu wa idara inayohitaji madawati anapoandika vipimo: mbao ya unene fulani, bomba la chuma la milimita fulani, rangi ya aina fulani, na kumbe mji mzima ni karakana moja tu yenye mashine ya kukunja bomba hilo. Au mtu anaweka kigezo kwamba mzabuni awe ametengeneza madawati ya aina hiyohiyo kwa miaka mitano katika wilaya hiyohiyo. Kwenye karatasi inasomeka kama umakini. Mwenye uzoefu akiisoma tu anajua ni ya nani. Hapo hata ukizifunga bahasha kwa nta ya kanisani, mshindi yuko ndani tayari.

Sisi hatukuanguka hapo. Vipimo vyetu vilikuwa safi, viliandikwa na fundi wa halmashauri na kila penye jina la bidhaa palikuwa na maneno "au inayolingana nayo". Tulianguka mbele zaidi, kwenye tathmini.

Tathmini ina ngazi. Kwanza unaangalia kama nyaraka zimetimia: leseni, uthibitisho wa kodi, sahihi ya mwenye mamlaka, tamko la dhamana. Hapo ndipo yule wa 171,600,000 alipotoka. Tamko hakulileta kabisa, na nyaraka za zabuni zilisema wazi kwamba asiyelileta anaondolewa. Bei ya chini haimsamehi mtu. Kisha unaingia kwenye ufundi, ukilinganisha alichoahidi na ulichoomba, kwa vigezo vilivyotangazwa na si vingine. Ukigundua njiani kigezo kizuri ambacho hukukiandika, kitunze kwa zabuni ijayo. Bei huja mwisho.

Kwenye bei ndipo kalamu ya mmoja wetu iliposimama. Mzabuni wa kwanza alitoa bei ya dawati moja 78,500. Tulihitaji madawati 2,400. Zidisha: 188,400,000. Yeye alikuwa ameandika 184,800,000. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kosa la mtu aliyechapa usiku. Kanuni iliyokuwa kwenye nyaraka inajulikana na kila afisa ununuzi: bei ya kipande na jumla zikigombana, inafuatwa bei ya kipande na jumla ndiyo inarekebishwa. Kwa hiyo wa kwanza akapanda hadi 188,400,000, na wa tatu, aliyeandika 77,500 kwa dawati na hesabu yake kutimia 186,000,000 bila senti kupungua, akawa wa chini kuliko wote waliobaki.

Aliyeliona kosa lile alikuwa mhasibu wetu, mtu makini, aliyekuwa na kawaida ya kupiga hesabu mara mbili kwa kikokotoo na mara ya tatu kwa mkono. Hesabu ilikuwa sahihi. Niliipiga mwenyewe. Tuliandika ripoti, ikaenda bodi, bodi ikapitisha, wazabuni wote wakaandikiwa barua ya kusudio la kumpa kazi mzabuni wa tatu.

Siku ya tatu malalamiko yakafika mezani kwa afisa masuuli. Mzabuni wa kwanza hakubishana na hesabu hata kidogo. Aliandika kwamba mmiliki wa kampuni iliyoshinda amemuoa dada wa mjumbe wa kamati ya tathmini, na kwamba mwezi uliopita watu hao wawili walikaa meza moja kwenye kipaimara huko Kibosho na ndafu ikakatwa mbele yao. Aliambatanisha picha.

Mhasibu hakukana. Alisema, "Sikumpa chochote. Nimesahihisha kosa la mtu." Na ni kweli. Lakini hebu jiweke kwenye kiti cha yule aliyeshindwa. Ukumbini amesomewa bei ya chini kuliko ya mshindi, akarudi nyumbani akawaambia mafundi wake wajiandae. Halafu anaambiwa ndani ya chumba kilichofungwa bei yake imepanda kwa 3,600,000, na aliyeipandisha ni shemeji wa mpinzani wake. Ungemwambia kanuni ya bei ya kipande mpaka jua lizame, asingekuelewa. Mimi pia nisingeelewa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tunapoujadili mgongano wa maslahi. Tunauchukulia kama tuhuma ya wizi, kwa hiyo mtu mwaminifu anaona kujitaja ni kujichafua. "Mimi nitapendelea? Miaka yote hii mnanijua!" Swali haliko hapo kabisa. Mgongano upo tangu dakika jina la shemeji yako linaposomwa, hata kama moyo wako ni mweupe kama theluji ya Kibo. Na unapokaa nao kimya unaharibu hata uamuzi ulio sahihi, kwa kuwa hakuna tena anayeweza kuutofautisha na uamuzi wa kupendelea.

Na Moshi, jamani, undugu hauishi. Huyu mmesali wote, yule mmesoma wote, mwingine mna kihamba kinachopakana. Desemba ikifika na watu wakapanda kwenda kwao, utamkuta mkandarasi, diwani, mkaguzi na mwalimu mkuu kwenye kikao kimoja cha ukoo. Anayesema atafute kamati ya watu wasiojuana mkoani hapa atatafuta sana. Kinachowezekana ni kusema mapema.

Sasa nije kwangu, maana nimemsema mhasibu na mimi nilikuwa katibu wa kamati. Kila mjumbe alitakiwa kutia sahihi tamko kwamba hana maslahi na mzabuni yeyote. Fomu zote tano zilikuwepo kwenye faili, zimesainiwa vizuri. Nani alizileta? Mimi. Lini? Siku ya mwisho, tathmini imeisha, zikiwa zimebanwa pamoja na karatasi ya posho ya kikao. Watu walisaini zote sita kwa mpigo, macho yakiwa kwenye ile ya posho. Hakuna aliyesoma. Tamko lenyewe halikuwa hata na majina ya wazabuni. Liliandikwa tu "mzabuni yeyote katika zabuni hii". Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuta inafanyika.

Mchakato ulisimamishwa. Kamati mpya ikaundwa, watu watatu kutoka idara nyingine, wakaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Wakafika palepale: 171,600,000 nje kwa kukosa tamko la dhamana, 184,800,000 ikarekebishwa kuwa 188,400,000, mshindi ni wa 186,000,000. Safari hii mzabuni wa kwanza alinyamaza. Lakini madawati yaliyotakiwa Januari yaliingia mashuleni mwishoni mwa Machi.

Hiyo ilikuwa enzi ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011. Leo tuna Sheria Namba 10 ya mwaka 2023, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Sanduku la bati liko stoo, limewekewa makopo ya rangi. Mtu wa Arusha hahitaji tena bodaboda ya Boma Ng'ombe, na saa ya mfumo haisihiwi. Ninaupenda mfumo, sina ugomvi nao. Ila haujui nani kakata ndafu na nani Kibosho.

Nilichobadilisha mimi ni kidogo. Fomu ya tamko siitoi siku mtu anapoteuliwa, maana siku hiyo hajui walioomba ni akina nani, atakana nini? Wala siitoi mwisho. Naitoa zabuni zikishafunguliwa na kabla ya mjumbe kuona ukurasa wa pili, ikiwa na orodha ya kampuni zote na wakurugenzi wao, jina kwa jina, na mbele ya kila jina mjumbe anaandika kwa mkono wake "simfahamu" au namna anavyomfahamu. Naisoma orodha kwa sauti, polepole, na posho haijatajwa.

Mwaka jana, kwenye zabuni ya ukarabati wa zahanati, nilifika jina la nne nikasikia, "Subiri, kaka." Alikuwa injinia, dada mmoja mpya kazini. "Huyu mama tuko naye kikundi kimoja cha kukopeshana. Mwezi huu zamu ni yake, na pesa yangu imo."

Mwenyekiti akamuuliza kama anadhani hilo litamsumbua.

"Mimi hapana," akasema. "Ila andika."

Nikaandika saa, jina na sababu kwenye muhtasari, yeye akasaini pembeni, akachukua mkoba wake na kofia ya saiti akatoka. Chai yake ilibaki mezani, hajainywa hata nusu. Tulimngoja injinia wa kutoka wilaya ya jirani mpaka kesho yake saa tatu.