Taarifa ya robo mwaka kwa wenye nyumba: wapangaji wapo, ila wanachagua

Wapendwa wateja wetu,

Miezi mitatu iliyopita simu za wanaotafuta nyumba hazikupungua. Kilichobadilika ni maswali yao. Zamani walianza na kodi. Sasa wengi wanaanza na maji. Yanatoka kila siku? Kuna tangi? Mita ya umeme ni ya peke yangu au ya kuchangia? Wiki iliyopita mama mmoja alifungua bomba la jikoni hata kabla hajaangalia vyumba, akasubiri, yakatoka matone. Aliaga pale pale.

Nyumba za chumba kimoja na viwili zinazojitegemea zinapata mtu haraka, mara nyingine kabla aliyepo hajamaliza notisi. Za vyumba vinne zinatembelewa, zinasifiwa, na wageni hawarudi.

Kuhusu bei, tunawasihi msipime soko kwa matangazo. Bei ya tangazo ni ya kuombea. Inayolipwa ni ile ya kwenye mkataba. Katika nyumba tunazosimamia, ndogo zimepanda kidogo kila mpangaji anapobadilika, na kubwa karibu zote zimesainiwa chini ya bei zilizotangazwa.

Hapa ndipo wengi wenu mnapoteza fedha, na inatuuma kuona. Mmoja wenu, ambaye ameturuhusu tusimulie kisa chake bila jina, alimkataa mpangaji aliyetoa asilimia 5 pungufu ya bei yake. Nyumba ilikaa tupu miezi miwili zaidi, kisha ikapangishwa kwa bei aliyoitaka. Alidhani ameshinda. Ukweli ni kwamba ile nyongeza itachukua miezi 38 kufidia kodi ya miezi miwili iliyopotea, na mkataba wenyewe ni wa mwaka mmoja. Mwezi mmoja mtupu hula zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka mzima, kabla hujahesabu rangi, mlinzi na dalali.

Kwa hiyo, mwenye mpangaji anayelipa kwa wakati na kuitunza nyumba asikimbilie kupandisha kodi. Zungumza naye siku 60 kabla mkataba haujaisha. Nyongeza ndogo mliyokubaliana ni bora kuliko kubwa inayomhamisha. Mwenye nyumba kubwa iliyokaa tupu zaidi ya mwezi ashushe bei sasa, asingoje msimu. Kama ina mlango wa pili na bafu la pili, tuulize kuhusu kuigawa, ila tutaangalia kwanza vibali na gharama ya kutenganisha mita. Na kama una fedha kidogo tu za matengenezo, anza na maji. Rangi itasubiri.

Wenye mikataba inayoisha robo ijayo tutawapigia mmoja mmoja. Ukitaka tukupimie kodi ya nyumba yako kabla ya hapo, jibu barua hii ukitaja idadi ya vyumba na tarehe ya mwisho wa mkataba.

Wenu katika kazi,
Idara ya Upangishaji