Chakula cha mchana ofisini, Kigoma Mjini

(Picha: kifuniko cha hotipoti kinafunguliwa, mvuke unapanda.)

Habari za kazi, wateja wetu. Wiki hii Jumatatu ni wali, maharage ya nazi na mchicha. Jumanne ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga, kachumbari pembeni.

(Picha: mgebuka mzima, ngozi imekauka vizuri.)

Jumatano pilau ya ng'ombe. Alhamisi dagaa wa mawese. Ila mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawapati kitu, basi tutaleta kisamvu cha karanga. Ijumaa ndizi nyama.

Bei ni shilingi 16,000 kwa siku tano, usafiri humo humo. Sahani moja moja ni 3,500. Tunafika kati ya saa 6:30 na saa 7 mchana, Mwanga hadi bandarini.

(Maandishi kwenye skrini: SIMAMA JUMATANO)

Una safari au umefunga? Jibu hapa hapa WhatsApp, andika SIMAMA na siku, kabla ya saa 2 usiku wa kuamkia siku hiyo. Alfajiri tunakuwa tumeshanunua samaki Kibirizi, hairudishwi. Siku uliyosimamisha inahamia wiki ijayo. Ukirudi, andika ENDELEA.

Na vyombo jamani, tunaomba mvirudishe.