Oda ya Jumamosi

"Nywila si sahihi," skrini ikasema tena. Fundi Mwanaidi akafuta, akaandika upya herufi moja moja. Duka lake la mtandaoni likagoma kabisa, likataka namba ya uthibitisho. Nayo ilikuwa ikienda kwenye laini ya Hamisi, mtoto wa kaka yake aliyemfungulia duka hilo kabla ya kwenda Maskati.

Mezani hapo Kariakoo, vitenge vya wasimamizi wa harusi vilishapigwa pasi. Vipimo vyote vimo humo ndani, na sherehe ni Jumamosi.

"Shikamoo shangazi, nipo kazini."

"Marahaba. Nisomee hiyo namba, mengine baadaye."

Akaisoma. Ikakataa, muda umepita. (Namba hizi huchacha upesi kuliko tui.)

"Omba nyingine, usikate simu."

Safari hii ikakubali. Kifua 38, kiuno 31, nyonga 42, mikono robo tatu. Akashika chaki. Chini ya oda kulikuwa na ujumbe wa bibi harusi: "Fundi, samahani, tumeongezeka wawili."

"Hamisi," akasema, "kupandisha bei nabonyeza wapi?"