Maelezo ya cheti cha kuruhusiwa cha mama yenu, kwa lugha rahisi

Mama alilazwa tarehe 5 Mei na ameruhusiwa tarehe 11 Mei. Yote yaliyomo humu yametoka kwenye cheti chake.

Aliletwa akihema kwa shida, miguu imevimba, hawezi kulala chali. Moyo wake ulikuwa umedhoofika, hausukumi damu vya kutosha, na maji yakajaa kwenye mapafu na miguu. Kipimo cha picha ya moyo kimeandikwa asilimia 35. Msiisome kama moyo umebakiza theluthi ya uhai. Maana yake ni kwamba kila pigo linatoa asilimia 35 ya damu iliyo kwenye chumba cha chini cha kushoto. Kwa kawaida hutoka zaidi ya nusu. Vipimo havikuonyesha shambulio la moyo. Kilichoudhoofisha moyo hakijajulikana. Cheti kinasema “chanzo kinachunguzwa”, basi.

Alipewa dawa ya kukojosha kwa sindano, uzito ukashuka kutoka kilo 74 hadi 67.5. Yaliyopungua ni maji. Anaondoka akipumua bila oksijeni.

Dawa za nyumbani ni nne. Furosemaidi miligramu 40 hutoa maji mwilini. Hapa cheti kilijipinga: ukurasa wa kwanza uliandika mara mbili kwa siku, orodha ya dawa ikaandika mara moja. Daktari aliyesaini ameulizwa, naye amesahihisha orodha kwa kalamu na kuweka saini: mara mbili, saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Fuateni sahihisho hilo. Enalaprili miligramu 5 na karvediloli miligramu 3.125 ni asubuhi na jioni, zote za kuupunguzia moyo mzigo. Spironolaktoni miligramu 25 ni mara moja, asubuhi.

Diklofenaki aliyokuwa akimeza kwa ajili ya magoti imesimamishwa, kwa sababu hufanya maji yabaki mwilini na huelemea figo. Dawa ya kuishika nafasi yake haikuandikwa.

Tarehe 18 Mei atapimwa damu, kuangalia figo na madini ya potasiamu, kwa kuwa enalaprili na spironolaktoni zikitumika pamoja zinaweza kupandisha potasiamu. Tarehe 25 Mei ni kliniki ya moyo.

Apimwe uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajala. Cheti kinataka arudishwe hospitali siku hiyohiyo akiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, akikosa pumzi akilala, au akizimia.

Kuhusu chumvi, kiasi cha maji ya kunywa na kazi za nyumbani, cheti hakikusema kitu, ndiyo maana humu hamna. Msichukulie kwamba amekatazwa, wala kwamba ameruhusiwa.