Kuchangiana Hatari na Upangaji wa Ada ya Bima

Kitini cha Somo la 4: Kozi ya Awali ya Mawakala wa Bima

Mteja akikuuliza kwa nini bima ya pikipiki yake ni shilingi 80,000 na si 30,000, wakala anayejibu kwamba "ndivyo kampuni ilivyopanga" hajamjibu, na mara nyingi mteja huyo haonekani tena. Ada ya bima ni matokeo ya hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Katika somo hili tutaifanya kwa mfano mmoja tu, hatua kwa hatua, na kila mwanafunzi anatakiwa aweze kuirudia kwa kalamu na karatasi.

Tuchukue waendesha bodaboda 1,000 wa Dodoma, kila mmoja ana pikipiki ya thamani ya shilingi 2,500,000. Ili hesabu isitupotee, tunakata bima ya wizi peke yake, na tunachukulia kwamba pikipiki ikiibwa haipatikani tena. Kumbukumbu za miaka iliyopita, katika mfano wetu, zinaonyesha kwamba kila mwaka huibwa pikipiki 2 katika kila 100. Hakuna anayejua ni ya nani itakayoibwa. Kwa mwendesha bodaboda mmoja mmoja, mwaka una sura mbili tu: ama hapotezi kitu, ama anapoteza mtaji wake wote kwa usiku mmoja. Kuweka akiba ya kukabiliana na janga la namna hiyo kungemlazimu awe na shilingi 2,500,000 zilizokaa bure, fedha ambazo kama angekuwa nazo angenunua pikipiki ya pili.

Wote 1,000 wakichangia mfuko mmoja, picha hubadilika. Wizi unaotarajiwa ni pikipiki 20, hasara inayotarajiwa ni 20 × 2,500,000, yaani shilingi 50,000,000, na mgawo wa kila mmoja ni shilingi 50,000. Kiasi hiki huitwa ada halisi: ni gharama ya hatari peke yake, bila senti ya uendeshaji wala faida. Njia ya mkato ya kuipata ni kuzidisha uwezekano wa janga kwa ukubwa wa hasara: 0.02 × 2,500,000 = 50,000.

Wanafunzi wengi huishia hapo na kudhani wameelewa kuchangiana hatari, kumbe kiini chake bado. Ada halisi ingekuwa shilingi 50,000 hata kama wangekuwa watu 10 tu, kwa sababu wastani haubadiliki kwa kuongeza watu. Kinachobadilika ni kiasi ambacho mwaka wenyewe unaweza kwenda mbali na wastani huo. Kwa watu 10, uwezekano wa kupita mwaka bila wizi wowote ni takriban asilimia 82, lakini ikiibwa pikipiki moja tu, kila mmoja atadaiwa shilingi 250,000, ambayo ni mara tano ya ada halisi. Mfuko wa namna hiyo huvunjika siku ya dai la kwanza, na huvunjika kwa ugomvi.

Kiasi cha kutawanyika kwa idadi ya madai hupimwa kwa kanuni hii, ambapo n ni idadi ya wanachama na p ni uwezekano wa wizi:

√(n × p × (1 − p))

Kwa watu 1,000 jibu ni takriban 4.4. Tukichukua mara mbili yake kila upande, miaka 19 katika 20 idadi ya wizi itakuwa kati ya 11 na 29. Mwaka mbaya wa wizi 29 unagharimu shilingi 72,500 kwa kila mwanachama. Kwa watu 10,000 jibu ni 14, kwa hiyo wizi utakuwa kati ya 172 na 228, na mwaka mbaya utagharimu shilingi 57,000 tu kwa kila mmoja. Hatari ya kila mwendeshaji ni ile ile, wezi ni wale wale, ila mfuko mkubwa unaweza kukadiria mwaka wake kwa uhakika zaidi. Hii ndiyo kanuni ya idadi kubwa, na ndiyo sababu bima haiwezi kuendeshwa na watu wachache hata wakiwa waaminifu namna gani.

Kanuni hiyo ina sharti moja ambalo halisamehe: majanga yasitokee kwa pamoja kwa sababu moja. Pikipiki ya Nkuhungu kuibwa hakuifanyi ya Kikuyu iibwe. Vibanda vya soko moja ni jambo jingine. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021 na soko la Karume, Ilala, likaungua Januari 2022. Kampuni yenye wateja 1,000 ndani ya soko moja haina hatari 1,000 zilizotawanyika, bali kwa upande wa moto inakaribia kuwa na hatari moja kubwa. Ndiyo maana kampuni huweka kikomo cha hatari inazobeba sehemu moja, na kinachozidi hupelekwa kwenye bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni yenyewe huikata kwa kampuni nyingine.

Sasa tuingie kwenye ada anayolipa mteja. Juu ya ada halisi ya 50,000 kampuni huongeza kiasi cha tahadhari kwa ajili ya miaka mibaya. Tuseme shilingi 6,000, jumla 56,000. Kisha ada hiyo hiyo inatakiwa ilipe kamisheni ya wakala asilimia 12, gharama za uendeshaji asilimia 13 na faida asilimia 5, jumla asilimia 30. Asilimia hizi ni za ada yote anayolipa mteja, wala si za zile 56,000, na hapa ndipo makosa mengi ya mitihani, na ya kazini pia, yanapotokea. Kwa kuwa 56,000 ni asilimia 70 iliyobaki, tunagawanya:

56,000 ÷ 0.70 = 80,000

Hakikisha kwa kurudi nyuma: asilimia 30 ya 80,000 ni 24,000, na zinabaki 56,000. Aliyezidisha 56,000 kwa 1.30 atapata 72,800. Akitoa asilimia 30 yake, yaani 21,840, atabakiwa na 50,960. Amepungukiwa shilingi 5,040 kwa kila mteja, yaani shilingi 5,040,000 kwa kundi zima, na karibu kiasi chote cha tahadhari kimepotea kabla mwaka haujaanza. Ada ya 80,000 ni asilimia 3.2 ya thamani ya pikipiki, na hivyo ndivyo kiwango huandikwa. Kodi ya Ongezeko la Thamani huongezwa juu yake.

Hata hivyo ada hii haimalizi kila tatizo. Kampuni imekusanya shilingi 80,000,000, na ikitoa kamisheni na uendeshaji inabaki na 60,000,000, zinazotosha wizi 24. Wizi ukifika 29, pengo ni shilingi 12,500,000, nalo huzibwa na mtaji wa kampuni au bima mtawanyo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania haidai mtaji wa kutosha kwa ajili ya kupendezesha vitabu. Inaudai kwa ajili ya miaka kama huo.

Mwisho, usawa wa wanachama. Tuseme nusu ya kundi hulaza pikipiki ndani ya uzio wenye mlinzi na wizi wao ni asilimia 1, na nusu nyingine huzilaza nje na wizi wao ni asilimia 3. Wastani bado ni asilimia 2, lakini kuwatoza wote 80,000 ni kuwaonea wa kwanza, nao wakigundua wataondoka. Watabaki 500 wenye wizi 15 unaotarajiwa, hasara ya shilingi 37,500,000, wakati mfuko una 56,000 × 500, yaani 28,000,000. Ukipandisha ada, walio na nafuu kidogo miongoni mwa waliobaki nao wataondoka. Dawa ni kutoza kila kundi kwa hatari yake: takriban 44,300 kwa wa uzioni na 115,700 kwa wa nje. Kwa hiyo wakala anapouliza pikipiki inalala wapi, hamchimbi mteja. Analinda mfuko wa wote, na jibu la uongo kwenye fomu ya maombi linaweza kumgharimu mteja fidia yake.

Zoezi. Kikundi kina pikipiki 2,000, kila moja ya thamani ya shilingi 3,000,000, na wizi wa asilimia 1.5 kwa mwaka. Kiasi cha tahadhari ni shilingi 5,000 kwa mteja. Kamisheni, uendeshaji na faida kwa jumla ni asilimia 20 ya ada. (a) Tafuta ada halisi. (b) Tafuta ada kamili na uihakikishe kwa kurudi nyuma. (c) Wanachama 300 wa kikundi hulaza pikipiki zao kwenye banda moja la kukodi. Eleza kwa sentensi zisizozidi tano jinsi jambo hilo linavyoathiri jibu lako, kwanza kwa hatari ya wizi, kisha kama bima ingejumuisha moto.

Majibu ya (a) na (b): shilingi 45,000 na shilingi 62,500. Jibu la (c) litajadiliwa darasani.